Madaftari ya Kifaransa au ya kifaransa?

Tuchukue oda moja fupi, ya aina inayotumwa kwa simu shule zikikaribia kufunguliwa. Mnunuzi yuko Bujumbura, muuzaji yuko Kigoma. Ujumbe unasema: "Naomba katoni 60 za madaftari ya kifaransa." Bei imekubaliwa, mzigo umepakiwa, boti imeondoka. Ukifika, mnunuzi anakuta madaftari ya miraba, yale ya mtindo wa Ufaransa ambayo kila mraba una milimita 8 na ndani yake kuna mistari myembamba ya kulala kila milimita 2. Yeye alikuwa anataka madaftari ya mistari ya kawaida, ila jalada liwe limeandikwa kwa Kifaransa, na jedwali la kuzidisha lililo nyuma liwe kwa Kifaransa pia.

Nani alikosea? Muuzaji atasema hakukosea, na kwa kanuni za Kiswahili sanifu ana hoja. Jina la lugha huanza kwa herufi kubwa: Kiswahili, Kifaransa, Kirundi, Kiganda, Kiingereza. Neno hilohilo likianza kwa herufi ndogo halitaji lugha, linataja namna, mtindo au desturi. Madaftari ya Kifaransa ni ya lugha. Madaftari ya kifaransa ni yale yanayotengenezwa kama wanavyotengeneza Wafaransa. Muuzaji aliona "k" ndogo akatafuta mtindo.

Lakini mnunuzi naye hakuandika ovyo, aliandika kama alivyofundishwa. Katika Kifaransa jina la lugha huandikwa kwa herufi ndogo, na ni mtu wa taifa ndiye anayepewa herufi kubwa. Aliyesomea Bujumbura, Bukavu au Goma huhamishia desturi hiyo kwenye Kiswahili bila kujitambua, akaandika kiswahili, kirundi, kifaransa, kila mara kwa "k" ndogo. Aliyesomea Kampala au Nairobi anavutwa upande wa pili, kwa kuwa Kiingereza hutaka herufi kubwa kila mahali, iwe ni lugha, mtu, au kitambaa kilichotoka nchi fulani. Huyo ataandika "kanzu ya Kiarabu" na "chakula cha Kihindi" kwa "K" kubwa hata kama hakuna lugha inayozungumziwa.

Burundi ilipoingia kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022, mazoea haya mawili ya shuleni yalianza kukutana sana katika simu na vitabu vya stakabadhi vya wafanyabiashara. Na kila upande unamwona mwenzake kama mtu asiyejua kuandika.

Kiswahili chenyewe hakikuchukua njia ya Kifaransa wala ya Kiingereza. Kiambishi ki- kina kazi nyingi. Kinataja lugha, na hapo tunakipa herufi kubwa. Kinataja namna ya kufanya jambo: kula kizungu, kuvaa kipwani, kulia kitoto, kuku wa kienyeji. Hakuna anayeandika "kuku wa Kienyeji" kwa "K" kubwa, kwa sababu hakuna lugha iitwayo Kienyeji. Tatizo huanza pale tu ambapo mzizi ni jina la watu wenye lugha yao, kwa maana hapo neno moja linaweza kubeba maana zote mbili.

Mfano anaoujua kila anayesafiri ni saa. Tunaposema saa mbili za kiswahili tunamaanisha namna ya kuhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, si lugha ya kuzitaja. Mtu anaweza kutaja saa za kizungu kwa Kiswahili safi kabisa. Kwa hiyo hapa ni herufi ndogo, saa za kiswahili na saa za kizungu. (Na ukiwa Rusumo usisahau kwamba saa mbili asubuhi upande wa Tanzania, upande wa Rwanda ni saa moja. Hilo herufi haiwezi kulitatua.)

Mfano wa pili unawahusu wauza simu na vipuri. "Maelezo ya Kichina" ni karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya China, na mteja wako hataweza kuisoma. "Simu ya kichina" kwa mazungumzo ya sokoni ni neno la dharau, maana yake ya bei rahisi, isiyodumu. "Simu ya China", bila ki- yoyote, ni simu iliyotengenezwa huko, na inaweza kuwa nzuri sana. Mwenye kuandika stakabadhi anayetaka kutaja nchi ya asili ya bidhaa aandike jina la nchi, aachane na ki- kabisa. Anayeandika "ya kichina" kwenye karatasi ya mzigo mzuri anajipunguzia bei mwenyewe.

Kuna maneno ambayo tofauti ni kubwa zaidi. Kigogo ni lugha ya Wagogo wa Dodoma. Kigogo ni kipande cha mti, na pia mtu mwenye madaraka. Ukisema "vigogo" huwezi kuwa unazungumzia lugha, kwa kuwa jina la lugha halina wingi. Hali kadhalika Mhindi ni mtu, na mhindi ni mmea unaotupa mahindi.

Jinsi ya kupima si ngumu. Weka maneno "lugha ya" kabla ya neno lako. Kama sentensi inakubali bila kubadilika maana, andika herufi kubwa: anazungumza Kiarabu, anazungumza lugha ya Kiarabu. Kama haikubali, jaribu "kwa mtindo wa": kanzu ya kiarabu ni kanzu ya mtindo wa Waarabu, wala hakuna kanzu ya lugha ya Kiarabu, labda iwe imedariziwa maandishi.

Tukiri kwamba kwa upande wa lugha kanuni haina ubishi, ila kwa upande wa mtindo wachapishaji hawajakubaliana. Vitabu vingi vinaandika "mavazi ya Kiafrika" kwa "K" kubwa, na waandishi wake si wajinga. Gazeti hili limechagua kutenganisha: herufi kubwa kwa lugha, ndogo kwa namna na mtindo. Msomaji akikuta "vyakula vya kiswahili" katika kurasa zetu ajue ni mapishi, na akikuta "vitabu vya Kiswahili" ajue ni lugha. Tunaona hasara ya kuitupa tofauti ambayo lugha inatupa bure, eti kwa kuwa Kiingereza hakina.

Hata hivyo hatumshauri mfanyabiashara aweke fedha zake juu ya herufi moja. Herufi haisikiki kwa simu. Mwanzoni mwa sentensi kila neno lina herufi kubwa, na kwenye katoni iliyopigwa chapa kwa herufi kubwa tupu tofauti yote inapotea. Simu nyingine hubadilisha herufi zenyewe kabla hujatuma. Zaidi ya yote, humjui aliyeandika alisomea wapi; "k" yake ndogo inaweza kuwa maana, inaweza kuwa mazoea.

Yule mnunuzi wa Bujumbura angeandika hivi: "Katoni 60 za madaftari, mistari ya kawaida, si miraba, jalada na jedwali viwe kwa lugha ya Kifaransa." Na muuzaji wa Kigoma, alipoona neno moja tu lenye maana mbili, angeuliza kabla ya kupakia: lugha au miraba?