Umri wa mwili: saa ya damu inahesabu nini?

Juma hili tunajibu swali ambalo limezunguka katika vikundi vyetu, toka Baraka hadi vijiji vya Ubwari. Ndugu zetu walio Amerika na Ulaya wanatuma kwa simu majibu ya labo yanayosema hivi: "Umri wako ni miaka 45, lakini mwili wako una miaka 38." Sasa wengine wanauliza kama kipimo hicho kinapatikana karibu, na kwa pesa ngapi. Kabla mtu hajafungua sanduku la kikundi, tuone kwanza kinachopimwa ni nini.

Umri tuliouzoea ni wa kalenda, na hata huo kwetu hapa si mwepesi. Bibi zetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Tunawahesabia kwa matukio: wakati wa uhuru wa 1960 alikuwa anabebwa mgongoni, wakati wa vita vya Mulele mwaka 1964 alikuwa amekwisha kuchota maji mwenyewe. Mwaka ulio kwenye kadi ya uchaguzi mara nyingi ni makisio ya karani, na kukosea miaka mitatu au minne si ajabu. Umri wa mwili ni jambo lingine: ni jaribio la kusema mwili umechakaa kiasi gani. Hakuna mashine inayouona uchakavu huo wenyewe. Kila saa inapima vitu vingine, halafu inakisia.

Tuchukue saa moja ya damu iliyotolewa mwaka 2018 na watafiti wa Amerika, ambayo hesabu yake iko wazi kwa kila mtu. Inatumia umri wa kalenda pamoja na vitu tisa vya damu, kama vile sukari, protini ya albumini, chembe nyeupe, na dalili ya uvimbe wa ndani inayoandikwa CRP. Ilitengenezwa kwa damu ya Wamarekani waliopimwa miaka ya 1988 hadi 1994, kisha wakafuatiliwa kuona nani alikufa mapema. Kwa hiyo ikisema "miaka 50", maana yake ni hii tu: hatari yako ya kufa inafanana na ya Mmarekani wa kawaida wa miaka 50 wa wakati ule. Haijahesabu mwaka hata mmoja wa maisha yako.

Katika vitu vile tisa, kimoja kina uzito mkubwa kwetu. Kwenye karatasi ya labo kinaandikwa RDW. Fikirieni kikapu cha ndagala. Kama samaki wote ni wa ukubwa mmoja, RDW iko chini, karibu 13. Kama wakubwa na wadogo wamechanganyika, RDW inapanda. Ndivyo ilivyo kwa chembe nyekundu za damu, na jambo linalozichanganya sana ni kukosa madini ya chuma, ugonjwa wa kawaida kwa mama anayezaa na kunyonyesha huku sehemu kubwa ya chakula ni ugali wa muhogo.

Sasa tufanye hesabu kwa mama wa mfano mwenye miaka 34. Damu yake ni pungufu, RDW imefika 16. Katika saa hii kila nambari moja ya RDW huongeza karibu miaka 3 na nusu, basi tatu zile zimemwongezea karibu 11. Juzi alikuwa na malaria, na CRP imepanda mara kumi: hiyo ni miaka 2 na kitu. Lakini chembe zake zimekuwa ndogo, kutoka 90 hadi 80 kwa kipimo cha ukubwa, na saa hupunguza karibu miaka 3 kwa ajili hiyo, kana kwamba upungufu wa damu umemfanya kijana! Jumla, atarudi nyumbani na karatasi inayosema mwili wake una miaka 44 hivi. Atalia, na pengine atanunua dawa ya kurudisha ujana. Lakini hakuzeeka miaka kumi. Alikosa chuma na aliumwa na mbu.

Zaidi ya hapo, akianza vidonge vya chuma, majuma ya kwanza RDW inaweza kupanda tena, kwa sababu chembe mpya nzuri zimeingia kikapuni pamoja na zile ndogo za zamani. Saa itasema anazidi kuzeeka wakati ndipo anapona. Chembe nyekundu huishi karibu siku 120, hivyo ni baada ya miezi miwili au mitatu ndipo nambari inashuka. Sisi tunaona kipimo cha kawaida cha wingi wa damu, kile kinachofanywa kwenye kituo cha afya, kingemweleza mama huyu ukweli mapema zaidi na kwa pesa kidogo.

Ziko saa nyingine zinazosoma alama ndogo za kemikali juu ya vinasaba. Ile ya mwaka 2013 ya Steve Horvath husoma alama 353. Hizo hukisia umri wa kalenda vizuri zaidi, lakini nazo hutikisika. Mwaka 2023 watafiti wa Amerika walionyesha kwamba katika ujauzito saa za namna hii huonyesha mama amezeeka, hasa karibu na kujifungua, na baada ya mtoto kuzaliwa zinarudi nyuma. Mwenye mimba asipimwe umri wa mwili, na akipimwa asiamini.

Vipimo vya nguvu je? Kinachojulikana sana ni cha kiti: mtu anakaa kwenye kiti cha kimo cha sentimita 43 hivi, anakunja mikono kifuani, anasimama wima na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Akijisukuma kwa mikono, anaandikiwa sifuri. Katika orodha moja ya Amerika, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akiwa chini ya mara 12 anahesabiwa kuwa chini ya wastani. Lakini kusoma orodha hiyo kunadai ujue umri wa kalenda, na hapo tunarudi kwa karani! Tena kipimo hiki kinapima mapaja, magoti na usawa wa mwili. Bibi aliyepandisha madumu ya maji toka ziwani miaka 40 anaweza kufika mara 15 na huku presha ya damu yake iko juu sana bila yeye kujua. Kiti hakitamwambia.

Faida yake iko mahali pengine, katika kumlinganisha bibi na yeye mwenyewe. Tumieni kiti kilekile, kimeegemezwa ukutani kisiteleze, asubuhi kabla ya shamba, kitenge kikiwa kimelegezwa, na mtu mmoja amesimama karibu asije akaanguka. Andikeni nambari katika daftari la kikundi kila miezi mitatu. Aliyekuwa 13 akifika 12 si habari. Aliyekuwa 13 akifika 8, na hana jeraha wala homa, mpelekeni kituo cha afya na daftari hilo mkononi, apimwe damu, sukari na presha.