Barua Imtanguliayo Mwalimu Mgeni

Mwalimu anayemaliza chuo hupata taarifa ya kupangiwa kazi. Taarifa hiyo humwambia halmashauri aendayo na muda wa kuripoti, lakini haimwelezi njia, wala chakula, wala watu atakaowakuta. Pengo hilo ni wajibu wa shule kulijaza. Maoni yangu ni kwamba mwalimu mkuu, mara apatapo jina la mwalimu mgeni, hana budi kumwandikia kabla hajafunga safari, na barua hiyo iseme kweli tupu.

Mimi sikuandikiwa. Nilikwenda moja kwa moja shuleni, nikarudishwa mjini, kwa kuwa mwajiri wangu alikuwa halmashauri wala si shule. Nilipokamilisha fomu, orodha ya mishahara ya mwezi ule ilikuwa imekwisha fungwa. Nikaishi kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi uliofuata. Mistari miwili ya barua ingaliniepusha na deni hilo.

Tuchukue mfano wa Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Tuseme mgeni anatoka Dodoma, na shule yake iko kando ya barabara iendayo Muhange, karibu na mpaka wa Burundi. Jambo la kwanza la kumwandikia ni njia. Mabasi ya Kigoma hayapiti njia moja: mengine hupita Kahama na Nyakanazi, kisha Kakonko, Kibondo na Kasulu, mengine hupita Tabora na Uvinza, nayo hayaigusi Kakonko. Asiyeambiwa huona neno “Kigoma” juu ya basi, akapanda, na kesho yake akajikuta mbali kusini, akilazimika kuanza safari nyingine ya kupanda kaskazini. Kwa hiyo barua iseme hivi:

“Ndugu Mwalimu, kabla ya kulipa nauli, uliza kama basi linapita Nyakanazi. Shuka Kakonko mjini, ulale hapo. Asubuhi nenda kwanza ofisi ya halmashauri, ukiwa na vyeti vyako halisi pamoja na nakala, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo na namba ya akaunti ya benki. Usije shuleni kabla ya kupewa barua ya kuletwa kwetu. Ukiisha kuipata, nijulishe, nami nitamtuma mwenzetu akupokee.”

Jambo la pili ni fedha. Mgeni aulize posho ya kujikimu siku ileile ya kuripoti, lakini asiitegemee kwa mlo wa jioni. Barua imshauri aje na akiba ya kumfikisha mshahara wa kwanza, na imwambie waziwazi kama nyumba ya mwalimu ipo au atapanga chumba kijijini. Aje na blanketi, kwani usiku wa kiangazi katika nyanda hizi una baridi.

Jambo la tatu ni wenzake. Hapa wengi huorodhesha majina na vyeo, orodha ambayo mgeni huisahau kabla hajafika. Afadhali kueleza nani atamsaidia kwa jambo gani:

“Tuko walimu saba. Utashika Darasa la Kwanza lenye watoto 94 na madawati 23; wengine huketi mkekani. Wengi wao nyumbani husema Kiha, na Kiswahili wanakianza hapa. Mama anayefundisha Darasa la Pili ni mzaliwa wa hapa. Juma la kwanza utakaa naye darasani, usikie jinsi anavyotoka katika Kiha na kuingia katika Kiswahili. Wazazi watakuamkia asubuhi ‘Mwakeye’. Nawe waamkie hivyo.”

Baadhi ya wakuu wataniambia kwamba kutaja watoto 94 ni kumtisha mgeni, naye ataomba uhamisho kabla hajafika. Siafikiani nao. Watoto hao atawaona tu siku ya kwanza. Akiwaona bila kuambiwa, atajiona amedanganywa, na tangu hapo hataamini neno la mkuu wake. Akiwa ameambiwa, huja na mpango: nyimbo za kuhesabu, vizibo vya chupa, na namna ya kuwagawa watoto katika makundi. Lakini barua isiahidi kisichopo. Nyumba “itakayokamilika karibuni” isitajwe hata kidogo.

Barua ina mpaka wake. Haiongezi madawati wala haiharakishi mshahara. Tena, ikimkuta mgeni yuko njiani, haina kazi.

Ndugu mwanachuo, usingoje kuandikiwa. Upatapo taarifa yako, tafuta namba ya mkuu wako kupitia ofisi ya elimu ya wilaya, umwulize mambo matatu: nipite njia gani, nitalala wapi, nitashika darasa gani. Kisha hifadhi majibu yake. Siku moja nawe utakuwa mwenyeji.