Kamioneti inapita sokoni: gunia ni ya kilo ngapi?

Mvua inakaribia huku kwetu Katanga, na kamioneti za wauzaji wa mbolea na mbegu zimeanza tena kuzunguka siku ya soko, muziki juu, mikro mukononi. Sisi wa sindika tunafuata jambo hili kwa sababu mushahara wa mgodi unaishia pale: baba analeta makuta, mama anaenda kununua mbolea ya mahindi, mara moja tu kwa mwaka. Akinunua kitu ambacho hakifai, hakuna wa kumurudishia.

Tumesikiliza matangazo mengi. Kelele zinatosha, lakini maneno yanakosa. Tunasikia: «Mbolea! Mbolea ya nguvu! Elfu makumi sita!» Mbolea gani? Kilo ngapi? Hapo ndipo mutu anapotea.

Tuchukue mfano wa bei. Gunia ya kilo 25 inauzwa franka 60.000, na ya kilo 50 inauzwa 110.000. Masikio yanakamata 60.000, inaonekana ndogo. Lakini ukigawanya, ile ndogo inakuja 2.400 kwa kilo, ile kubwa 2.200. Mwenye kuhitaji kilo 50 na akabeba mbili ndogo anapoteza 10.000. Bei bila kilo si bei.

Jina la mbolea nalo ni hivyo. Kuna ya kupandia, kama NPK 10-20-10, na kuna ya kukuzia, urea, ile ya 46. Namba ya katikati, 20, ni fosfori, chakula cha mizizi. Urea haina fosfori hata kidogo. Ni azoti tupu. Mutu akiiweka ndani ya shimo pamoja na mbegu, inatoa amonia na kuchoma muche. Shamba linaota kwa mapengo, na ukifukua, ncha za mizizi zimekuwa za kahawia. Hapo watu wanalaumu mbegu, kumbe tangazo lilisema «mbolea» tu. Urea inangojea mahindi yafike kwenye magoti, na udongo uwe na maji.

Sasa, tangazo lenyewe liandikwe namna gani? Anza na mwendo wa gari. Tuseme maneno yanasikika vizuri metre 50 mbele na metre 50 nyuma. Kamioneti ikienda kilometre 20 kwa saa, inamaliza hizo metre 100 kwa sekunde 18. Musomaji anatoa karibu maneno mawili kwa sekunde. Basi tangazo la maneno 35 linajaza nafasi yote, na mama ambaye alisikia kuanzia katikati hatalipata tena. Lakini kwa mwendo wa mutu wa miguu, kilometre 5 kwa saa, anabaki na sekunde 72: analisikia lote mara tatu. Kwa hiyo andika fupi, na dereva aende polepole.

Sisi tungeliandika hivi:

«Bamama na babaa balimaji! Mbolea ya kupandia, NPK 10-20-10. Gunia ya kilo makumi tano: franka elfu mia moja na kumi. Tena: kilo makumi tano, elfu mia moja na kumi. Kamioneti ya bluu, kwa mulango ya soko, mpaka soko ifunge.»

Kitu kwanza, kazi yake, kilo, bei, halafu mahali. Kilo na bei zinatembea pamoja, na zinarudiliwa, kwa sababu namba ndiyo inapotea upesi ndani ya kelele ya moteri za vinu. Muziki uzimwe kabisa wakati wa kusoma. Urea ipate tangazo lake peke yake. Ukiweka zote mbili pamoja, watu watachanganya bei na kazi. Na maneno kama «utavuna mara tatu» yatoke: mwenye mikro hajui udongo wa musikilizaji, na udongo wetu mwingi una asidi, hauitikii mbolea sawasawa.

Tunaomba komite za masoko kitu kimoja rahisi. Kabla kamioneti haijaingia, tangazo lisomwe mara moja, bila muziki, mbele ya wauzaji watatu wa mboga. Halafu waulizwe: ni kitu gani, cha kazi gani, kilo ngapi, bei gani, wapi? Kama mumoja ameshindwa kujibu, muuzaji arudi kwa kalamu. Mbolea imeandikwa kwenye gunia, ndiyo, lakini kwa Kifaransa ao Kiingereza, na herufi ndogo. Kwa mama wengi pale sokoni, ile sauti ya mikro ndiyo etiketi yenyewe.