Ziko Wapi Picha Ulizoziacha?

Katika mtaala wa sekondari ulioanza nchini Uganda mwaka 2020, kazi anayoifanya mwanafunzi shuleni, miradi ikiwemo, huchangia asilimia 20 ya alama zake za mwisho. Kwa hiyo mwalimu anayepokea mradi wa picha ana wajibu wa kujua kama picha hizo ni za mwanafunzi mwenyewe. Walimu wengi huanza kwa kuitafuta picha mtandaoni. Kwa maoni yangu, huo ni mwanzo dhaifu. Utafutaji huo hufichua picha iliyokwisha kuchapishwa, lakini hauwezi kuifichua ile iliyotoka katika simu ya jirani. Swali la kwanza linalofaa ni hili: ziko wapi picha ulizoziacha?

Mpiga picha hapigi mara moja akaondoka. Ili apate picha moja nzuri, hupiga kadhaa: moja imetikisika, nyingine mtu amefumba macho, nyingine imekata kichwa cha mvuvi. Mwizi wa picha huiba ile nzuri peke yake, kwa kuwa zile mbovu hazikuchapishwa popote. Mabaki hayo ni ushahidi wenye nguvu kuliko picha yenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi analeta picha sita za wavuvi wa mwalo wa Gaba, kando ya Ziwa Viktoria jijini Kampala, na kusema alizipiga zote asubuhi moja, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024. Mwalimu anaomba mafaili asilia. Matano yana majina ya namna hii:

```
IMG_20240615_091204.jpg
```

Jina hilo limetolewa na kamera ya simu: tarehe, kisha saa tatu na dakika 12 asubuhi. Picha ina upana wa pikseli 4000. Faili la sita ni tofauti:

```
IMG-20240615-WA0007.jpg
```

Herufi WA zinaonyesha kwamba picha ilipitia WhatsApp, na upana wake ni pikseli 1600 tu. WhatsApp huipunguza picha na kufuta maelezo ya ndani ya faili, yaani saa ya kupigwa na aina ya simu. Tarehe iliyo katika jina ni ya siku picha ilipopita huko, wala si lazima iwe siku ilipopigwa.

Kisha mwalimu anatazama vivuli. Katika picha tano, kivuli cha mvuvi ni kirefu kuliko mvuvi mwenyewe, kama inavyopasa saa tatu asubuhi. Katika ya sita hakifiki nusu ya urefu wake. Kampala mwezi Juni, kivuli huwa kifupi hivyo karibu na saa saba mchana, jua linapokuwa juu kabisa. Basi picha hiyo haikupigwa asubuhi.

Hapa ndipo mwalimu mwenye pupa hutamka neno "mwizi" mbele ya darasa. Mwenye busara humwita mwanafunzi kando na kumwuliza. Mwanafunzi anaeleza kwamba simu yake ilizimika kwa kukosa chaji, akaazima ya binamu yake mchana, na binamu akamtumia picha kwa WhatsApp. Kusema "asubuhi moja" kulikuwa kurahisisha mambo. Maelezo haya yanaweza kuthibitishwa: simu ya binamu inaletwa, na ndani yake mna faili asilia la saa saba na dakika 5, pamoja na picha nne zilizoachwa za mvuvi yuleyule. Mwanafunzi anaeleza pia alikosimama na kwa nini alisogea kushoto ili mtumbwi uingie wote. Kazi ni yake. Anachotakiwa ni kuandika ukweli kuhusu saa na simu aliyotumia.

Laiti zile nne zisingekuwepo, bado hukumu isingetolewa papo hapo. Watu hufuta picha ili kupata nafasi katika simu, tarehe ya simu huweza kukosewa, na maelezo ya ndani hubadilishwa kwa urahisi. Hapo mwalimu amwombe mwanafunzi arudi mwaloni na kupiga picha nyingine ya mada ileile, kisha azilinganishe.

Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa haki, na inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Darasa si mahakama, lakini mtoto anayetumia simu ya kuazima ndiye atakayekosa maelezo ya faili kwanza. Tukihukumu kwa faili pekee, tutawaadhibu wasio na simu.

Nanyi wanafunzi, msizifute picha mbovu kabla mradi haujasahihishwa.