Alama Tisini na Tisa Hazikupi Kazi

Hapa Nangara, kata ya mji wetu wa Babati, kuna imani moja kuhusu LinkedIn ambayo imeshika mizizi hasa kwa wale tuliopitia kazi za miradi: kwenye ukurasa wako usifute kitu. Kazi ya mwaka 2011 iache, namba ya simu ya zamani iache, na zile alama ambazo watu hubonyeza kuthibitisha ujuzi wako ziache zirundikane hadi zisomeke 99+. Wanaziona kama mahindi ghalani: yakiwa mengi, njaa haipigi hodi. Nasema imani hiyo ni potofu, na inawanyima watu kazi.

Nianze na hizo alama, kwa sababu ndizo zinazoonewa fahari zaidi. LinkedIn ilizianzisha mwaka 2012, na kwa muda mrefu mtandao wenyewe ndio uliokuwa ukiwachokoza watu wazitoe. Ulifungua ukurasa wa rafiki, ukakuta kisanduku kinachokuuliza kama fulani anajua jambo fulani, ukabonyeza, ukaendelea na safari yako. Mjomba alibonyeza. Uliyesoma naye sekondari alibonyeza, ingawa hajawahi kukuona kazini hata siku moja. Na wewe ukarudisha fadhila. Huo ni ukarimu, nao ni mzuri, lakini mwajiri anayetafuta mtu wa kusimamia kazi ya kuhifadhi udongo haajiri ukarimu.

Ubaya wake hauishii kwenye kutokuwa na uzito. Tumchukue afisa ugani wa kubuni, mkazi wa hapa Nangara, ambaye kwa miaka sita alizunguka vijijini akifundisha wakulima makinga maji na kilimo cha mahindi mseto na mbaazi. Ujuzi wake unaoongoza ukurasani ni "Microsoft Word", alama 41. Unafuata "Teamwork", alama 38. "Soil Conservation", kazi aliyoifanya kwa jasho, iko chini kabisa ikiwa na alama tatu, na zote tatu zimetoka kwa watu waliokuwa naye shambani. Kwa kuwa ukurasa hutanguliza ujuzi mchache tu wa juu, mgeni anayepita haraka anaondoka akijua kwamba ndugu yetu anaweza kuchapa barua.

Afanye nini? Kwanza apange upya: kwenye sehemu ya "Skills" kuna chaguo la "Reorder", na udongo uende juu. Ujuzi wa kuchapa aufute, maana hakuna anayeutafuta. Kisha afungue orodha ya waliomthibitisha katika ujuzi unaobaki, awazime mmoja mmoja wale wasiomjua kazini. Kuzima si kufuta, na akibadili mawazo anaweza kuwawasha tena. Alama tatu za watu waliomwona akipima mteremko wa shamba zina thamani kuliko 38 za waliomwona harusini.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni lile neno "Present". Babati imeona miradi mingi. Ulikuwapo LAMP uliofadhiliwa na Sweden, ikaja Africa RISING kwa fedha za Marekani, na mingineyo mikubwa kwa midogo. Mradi una mwanzo na una mwisho, na mwisho mwingine haupigi honi: Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huohuo USAID ilikuwa imeacha kuendesha misaada hiyo. Watu walirudi nyumbani na ofisi zikafungwa, lakini kurasa zao bado zinasema wapo kazini. Wanaacha hivyo kwa makusudi, wakiamini kwamba anayeonekana na kazi ndiye anayeitwa.

Matokeo yake ni kinyume. Mwajiri anayelipia huduma ya kutafuta watu huchuja kwa cheo cha sasa, mwajiri wa sasa na mahali. Afisa wetu anaorodheshwa chini ya mradi usiokuwapo, na pengine chini ya Arusha alikokuwa akiishi, ilhali nafasi yenyewe iko Babati. Akiitwa kwa bahati, swali la kwanza la usaili litakuwa ni lini anaweza kuacha kazi yake ya sasa. Hapo atasema nini?

Najua hofu iliyo nyuma yake. Aprili 2017, baada ya uhakiki, watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo kila pengo kwenye wasifu linaonekana kama kosa la jinai. Lakini kuweka tarehe ya mwisho si kuficha kazi. Unafungua kazi ile, unaondoa tiki kwenye "I am currently working in this role", unaandika mwezi na mwaka, basi. Kazi inabaki. Kabla ya hapo zima "Notify network", ili usiutangazie ukoo mzima jambo ambalo hujaamua kulitangaza. Na ushahidi kwamba ulifanya kazi hautoki kwenye mtandao wowote: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kama hukukidai, kidai wakati bado kuna mtu wa kukisaini.

Sasa kuna mtego ambao wengi huutambua wakiwa wameshanasa. Akaunti nyingi zilifunguliwa kwa barua pepe ya mradi. Mradi ukifungwa, anwani ile nayo hufungwa, na siku utakaposahau neno la siri, msimbo wa kulirudisha utatumwa kwenye sanduku ambalo huwezi kulifungua tena. Namba ya simu ni vilevile. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na namba iliyokaa bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine. Yule anayepigiwa badala yako hana sababu ya kukutafuta.

Kwa hiyo kuna mpangilio wa kufuata. Ingia "Settings", ongeza anwani yako binafsi, ithibitishe, ifanye ya msingi, ndipo uiondoe ile ya mradi. Kisha, kabla hujagusa kingine chochote, omba nakala ya taarifa zako zote kupitia "Get a copy of your data". Utaletewa mafaili, likiwemo `Positions.csv` lenye kazi zako na `Endorsement_Received_Info.csv` lenye majina ya waliokuthibitisha. Anayeogopa kupoteza ghala lake, ghala ndilo hilo. Aliweke kwenye simu, halafu asafishe ukurasa bila kutetemeka.

Kuna kitu kimoja ambacho nisingekifuta hata kwa kulazimishwa: pendekezo lililoandikwa kwa maneno, lile linaloonyesha tarehe na uhusiano wa mwandishi na wewe. Ndilo lenye uzito, na watu wetu wana machache ya aina hiyo kwa sababu hayapatikani kwa kubonyeza. Badala ya kulinda alama ya bosi wako wa zamani, mpigie, msalimie vizuri, umwombe aya moja. Aseme alikuwa msimamizi wako kuanzia lini hadi lini, mlikuwa vijiji vipi, na wewe ulifanya nini huko. Akishindwa kukumbuka hata kijiji kimoja, ujue na ile alama yake ilikuwa bure tangu siku aliyoibonyeza.