Amana ikiiva, nani anaamua?
Ukiweka shilingi milioni 5 benki hapa Tanzania kwa miezi 6, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, usitarajie 400,000. Nusu mwaka ni 200,000, na kodi ya zuio ya asilimia 10 ikikatwa unabaki na 180,000. Hayo ni mepesi; kasheshe ni siku ya kuiva. Kama fomu yako inaruhusu kujihuisha, fedha hufungwa tena miezi 6, kwa riba ya siku hiyo, hata iwe imeshuka. Ukifika wiki moja baadaye na karatasi ya ada ya shule mkononi, unahesabiwa umevunja mkataba, na kwa kawaida riba ya kipindi kipya unaisahau. Kabla amana haijaiva, waandikie benki: ikiiva, iingizwe kwenye akaunti yangu ya akiba.