Nzi Mmoja na Chumba Kimoja

Watengenezaji wa michezo ya televisheni wana hila moja ambayo watazamaji wengi hawaijui. Fedha za msimu zikikaribia kwisha, huandikwa sehemu moja isiyotoka nje ya chumba. Wenyewe huiita sehemu ya chupani. Jukwaa limekwisha jengwa na taa zimekwisha tundikwa. Hapana lori la kuchukua vyombo, hapana waigizaji wapya wa kulipwa.

Mfano mzuri ni sehemu ya "Fly", yaani nzi, ya mchezo wa Kimarekani Breaking Bad, iliyoonyeshwa mwaka 2010. Vince Gilligan, aliyeubuni mchezo huo, ameeleza waziwazi ya kuwa fedha ziliwapungukia. Basi Walter, mwalimu wa kemia aliyegeuka mpishi wa dawa za kulevya, amefungiwa katika maabara pamoja na msaidizi wake Jesse, wakimwinda nzi. Jesse amechoka naye, amtilia vidonge vya usingizi katika kahawa. Usingizi wamlemea, na huku akimshikia kijana ngazi, Walter aanza kumwomba radhi kwa kifo cha Jane, mpenzi wake. Mtazamaji ajua asilolijua Jesse: Walter alimtazama binti yule akifa, asimwokoe. Neno moja zaidi na siri ingekuwa hadharani. Penye fedha tele, pengine hapo lingeingizwa gari la kufukuzana, nasi tusingalisikia neno lile.

Kwetu kuna Vioja Mahakamani, ulioanza enzi za Sauti ya Kenya, nao hukaa ndani ya mahakama. Lakini pale chumba ni desturi. Kesi ikiisha watu hutoka na wengine huingia. Twacheka sana, ila mshtakiwa hatukai naye hata tumjue.

Mashimoni, iwe ile ya Kibera au ya Mathare, kijana mwenye kamera ana chumba tayari, cha futi 10 kwa 10 hivi. Shida yake si chumba, ni sauti. Mvua juu ya mabati hufuta maneno yote, na redio ya jirani hupenya ukutani. Yampasa arekodi usiku wa manane na kutundika mablanketi, au amtie jirani huyo katika hadithi. La pili ni sababu ya mlango kutofunguliwa. Hapa haihitaji kutafutwa mbali: mwenye nyumba yuko nje akidai kodi, mume na mke wamo ndani, taa imezimwa, wananong'ona. Mke ataka kujua fedha alizompa mumewe zilikwenda wapi.

Ajihadhari na jambo moja. Wengi huwafungia watu chumbani, kisha huwaacha wapige soga hata saa itimie. Kipimo chake ni chepesi: mwenye nyumba akishakwenda zake, je, mke bado amtazama mumewe kwa jicho lile lile la mwanzo? Ikiwa ndivyo, fedha zimeokolewa, na hadithi haikuandikwa.